Adapta ya eafoni ya Taipu C haitoi sauti? Jua kwanza kama ni ya dijitali au ya analogi

Meza yangu ya ufundi iko Mwanjelwa, Mbeya, na haipiti siku tatu bila mtu kuniwekea adapta mbele yangu na kuniambia: "Fundi, kwa simu ya shemeji inaimba, kwangu kimya. Simu yangu mbovu au nimeuziwa feki?" Mara nyingi simu ni nzima na adapta ni nzima. Haziendani tu. Nimechoka kulieleza hili huku nimeshika pasi ya moto, kwa hiyo naliandika lote hapa, na wewe ukinijia tena nitakuelekeza huku.

Kuna nadharia moja tu unayohitaji. Muziki ukiwa ndani ya simu ni namba. Eafoni haijui namba. Inataka umeme unaopanda na kushuka ili utikise kile kikaratasi chembamba cha ndani. Mahali fulani njiani lazima namba zigeuzwe kuwa umeme huo. Adapta ya dijitali inageuza yenyewe: ndani ya kichwa chake kuna chipu ndogo inayokula umeme wa volti 5 kutoka kwenye simu, ambayo ni kadi ya sauti kamili. Adapta ya analogi haina chipu ya kugeuza. Ni waya tu. Inaitegemea simu igeuze sauti yenyewe, kisha iipitishe kwenye zile pini mbili za USB ambazo siku zote hupitisha data.

Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Ili simu ipitishe sauti kwenye pini za data, kiwandani lazima iwe imewekewa swichi kwenye bodi ya kuhamisha pini hizo kutoka kwenye data kwenda kwenye sauti. Simu nyingi hazina swichi hiyo. Kama yako haina, hakuna aplikesheni wala apdeti itakayoifanya adapta ya analogi iimbe, na fundi akikuambia ata-flashi simu ili ikubali, chukua simu yako uondoke.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Eafoni ya waya unayojua ni nzima, uliyoijaribu kwenye redio au simu nyingine yenye tundu la duara.
- Tochi, na kijiti cha meno cha mbao. Sindano usiiguse.
- Kompyuta yoyote yenye USB. Kama huna, steshenari yoyote ya jirani itakuruhusu kwa dakika mbili ukiomba vizuri.
- Kama kompyuta ina USB ya mstatili tu, kile kigeuzi kidogo chenye tundu la Taipu C upande mmoja na USB ya kawaida upande wa pili.
- Mita, kama wewe ni fundi. Mtumiaji wa kawaida haihitaji.

Hatua

1. Safisha tundu la chaji, kisha jaribu pande zote mbili.

Zima simu, mulika ndani. Huku kwetu kiangazi kikikolea, vumbi la barabara za Uyole na Mbalizi linashindiliwa humo kila unapochomeka chaja, mpaka linakuwa kama tofali sakafuni mwa tundu. Likwangue taratibu kwa kijiti cha mbao. Chaja inaweza kuendelea kuchaji vizuri juu ya uchafu huo huku adapta ikigoma, kwa sababu pini za umeme ziko nyingi na zinasaidiana, wakati pini zinazoitambulisha adapta ni mbili tu, upande mmoja mmoja.

Pini hizo zinaitwa CC. Adapta ya analogi hutambulika pale tu simu inapoona CC zote mbili zimevutwa chini kwa pamoja, yaani zimeunganishwa na ardhi. Moja ikizibwa na vumbi, simu haielewi kilichochomekwa. Ya dijitali inatumia CC moja, ile inayoangukia upande uliochomeka. Ndiyo maana nasema geuza: kama adapta ya dijitali inaimba upande mmoja na kugoma upande wa pili, na kwenye simu nyingine inaimba pande zote, basi tundu la simu yako limechoka upande mmoja. Usinunue adapta nyingine. Badilisha tundu, ambalo mafundi wenzangu wanaliita sistim chaji.

2. Ijue simu yako.

Simu yenye swichi ya analogi ni chache, na nyingi ni za miaka ile watengenezaji walipoanza kuondoa tundu la duara. Xiaomi Mi 6, Huawei Mate 10 Pro, Huawei P20 na OnePlus 6T zinapokea adapta ya analogi. Upande wa pili zipo zinazotaka dijitali tu: Google Pixel kuanzia Pixel 2 ya mwaka 2017, Samsung Galaxy Note10 ya mwaka 2019 na S20 zilizofuata, na iPhone 15 ya mwaka 2023. Jina la kampuni peke yake lisikudanganye, maana kampuni hiyo hiyo inaweza kuweka swichi kwenye toleo moja na kuiacha kwenye jingine.

Wapo wanaonijia na simu yenye tundu la duara lililokufa, wakitaka kuhamia Taipu C. Simu ya namna hiyo kwa kawaida haikuwekewa swichi ya analogi, kwani tundu la duara lilikuwepo. Nunua ya dijitali moja kwa moja.

Android nyingine inakuambia yenyewe. Chomeka adapta ya analogi kwenye simu isiyoikubali, shusha kipande cha arifa juu ya skrini, unaweza kukuta maneno haya:

```
Analog audio accessory detected
The attached device is not compatible with this phone.
```

Ukiyaona hayo, swali limeisha. Simu imekiri kwamba imeona adapta ya analogi na haina la kuifanyia. Usipoyaona, endelea, kwa sababu si kila simu inayosema.

3. Ijue adapta yako kwa kompyuta.

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko maandishi ya kwenye boksi. Boksi linaweza kuandikwa "DAC" na "Hi-Fi" na ndani pakawa na waya mitupu. Bei nayo haitoshi kukuambia, wala uzito. Niliwahi kupasua kichwa kimoja kilichokuwa kizito kizuri mkononi. Uzito ulikuwa gundi na kipande cha chuma.

Chomeka eafoni kwenye adapta kwanza, kisha adapta kwenye kompyuta. Mpangilio huo una maana: zipo adapta za dijitali ambazo hazijitambulishi kama kifaa cha sauti mpaka zihisi kuna eafoni. Kwenye Windows fungua "Device Manager" uangalie chini ya "Sound, video and game controllers". Ya dijitali inaongeza jina jipya hapo, na kompyuta inaanza kutoa sauti kupitia kwake. Kwa anayetumia Linux, andika amri hii kabla ya kuchomeka na baada ya kuchomeka, ulinganishe kama kuna mstari mpya:

```
lsusb
```

Ya analogi, kompyuta haitaonyesha chochote, au italalamika kwamba haikitambui kifaa. Kabla ya kuamua, igeuze upande wa pili na urudie mara moja, maana vigeuzi vya bei rahisi navyo vina mambo yao.

4. Linganisha.

Adapta ya dijitali na simu inayotaka dijitali: endelea na hatua ya 5. Adapta ya analogi na simu yenye swichi: itaimba sasa hivi, bila kuwasha chochote. Adapta ya analogi na simu isiyo na swichi: rudisha dukani. Usimgombeze muuzaji kuwa kakupa feki. Kakupa isiyokufaa, na pengine yeye mwenyewe hajui kama ziko za aina mbili. Kama bado hujui simu yako iko upande gani, chukua dijitali, kwa sababu Android imekuwa ikizungumza na kadi za sauti za USB tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, na hata nyingi ya zile zenye swichi zinaikubali.

5. Washa OTG.

Adapta ya dijitali inahitaji simu iwe bosi: itoe umeme na iulize "wewe ni nani?" Kazi hiyo ndiyo inayoitwa OTG. Simu nyingi huifanya zenyewe. Nyingine, hasa OPPO, realme na vivo, zimeweka swichi kwenye "Settings", na hapo ndipo wengi wanapokwama. Fungua "Settings", andika "OTG" kwenye sehemu ya kutafuta, washa.

Tahadhari: kwenye OPPO na realme OTG hujizima yenyewe ikikaa dakika 10 bila kutumika, ili kutunza betri. Ndiyo maana mtu ananiambia "jana iliimba, leo imekufa". Haijafa. Iwashe tena.

6. Jaribu bila chaja, kwa mpangilio.

Eafoni ndani ya adapta, adapta ndani ya simu, hesabu mpaka tano, kisha cheza wimbo. Ukisikia, fungua kinasa sauti, zungumza, usikilize ulichorekodi. Bonyeza kitufe cha eafoni uone kama wimbo unasimama. Sauti ikifanya kazi na maiki ikagoma, tatizo si dijitali wala analogi, soma mwishoni.

Mfano: adapta tatu za mama mmoja wa Tukuyu

Mama mmoja anayefundisha kwaya alikuja kutoka Tukuyu na adapta tatu ndani ya bahasha ya kaki. Anasikiliza sauti za mazoezi kwa eafoni akiwa kwenye basi, na simu yake haina tundu la duara. Alishanunua mara tatu. "Mwanangu, zote tatu ni feki," akasema, akamimina bahasha juu ya meza.

Nina kibao kidogo chenye tundu la Taipu C ambalo pini zake zote zimetolewa nje na kuandikwa majina. Nikachomeka adapta ya kwanza, bila simu wala eafoni. Mita kwenye om, mguu mmoja kwenye GND, yaani ardhi, mwingine A5, ile CC ya upande mmoja: karibu na sifuri. B5, CC ya upande wa pili: vilevile. CC zote mbili zimevutwa chini. Nikaweka mita kwenye mlio, mguu mmoja nikaugusisha kwenye ncha ya pini ya eafoni niliyoingiza kwenye tundu na kuikata waya, mwingine kwenye D-, moja ya zile pini za data. Piii. Sauti ya kushoto inapita moja kwa moja bila kukutana na chochote. Huo ni waya, analogi.

Ya pili ilikuwa na matundu mawili, la eafoni na la chaja. Vipimo vilevile: analogi nyingine, yenye njia ya chaji pembeni.

Ya tatu ikanyamaza kwenye mlio. A5 ikasoma kilo-om 5.1, B5 haikuonyesha mvuto wowote wa namna hiyo. Kilo-om 5.1 kwenye CC moja ni namna ya kifaa cha kawaida cha USB kusema "nipe umeme, nina jambo la kusema". Hiyo ni dijitali. Nikaichomeka kwenye kompyuta ya jirani, ikaimba. Nikaichomeka kwenye simu ya mama, kimya.

Kwa hiyo alikuwa na matatizo mawili yaliyopandana, na ndiyo maana hakuna aliyeyaona. Mbili za kwanza zisingeweza kuimba kwenye simu ile hata siku moja. Ya tatu ilikuwa sahihi, ila OTG ilikuwa imezimwa, naye kwa kuwa alishachoka na zile mbili akaitupia kwenye bahasha moja na wenzake. Niliwasha OTG, sauti ya besi wa kwaya ikatoka. Akaniambia "ndaga fijo", akaziacha zile mbili mezani. Moja nilimpa kijana mwenye P20 ya zamani na inaimba hadi leo.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kosa kubwa ni kununua adapta ya matundu mawili bila kuijaribu na chaja. Ya analogi, kwa kanuni za USB-C, inaruhusiwa kupitisha chaji ya hadi miliampia 500 tu kwa volti 5, kwa hiyo usitegemee chaji ya haraka. Ya dijitali ina ugumu wa aina nyingine: simu inatakiwa ibaki bosi wa data huku ikipokea umeme badala ya kutoa, na makubaliano hayo yanahitaji chipu ya ziada ndani ya adapta. Za bei rahisi hazina, hivyo ukichomeka chaja sauti inakatika, au sauti inabaki na chaji haiingii. Dukani fanya hivi: acha wimbo uimbe, chomeka chaja, subiri dakika nzima. Usikubali kujaribiwa kwa sekunde tatu.

La pili ni redio. Wengi hapa nyanda za juu wanataka adapta kwa ajili ya redio ya simu, ile ya FM isiyokula bando. Redio hiyo hutumia waya wa eafoni kama antena. Adapta ya dijitali inaukata uhusiano huo, kwa sababu waya wa eafoni unaishia kwenye chipu ya adapta na haufiki kwenye kipokezi cha redio ndani ya simu. Muziki utaimba, redio itakuambia uchomeke eafoni, nawe umeshaichomeka. Si ubovu. Kama redio ndiyo shida yako na simu yako haina tundu la duara, karedio kadogo ka mkononi kitakusaidia kuliko adapta yoyote.

Ikigoma bado

*Dijitali, OTG imewashwa, kompyuta inaitambua, simu kimya.* Nenda "Developer options" kama uliwahi kuifungua, utafute "Disable USB audio routing". Inatakiwa iwe imezimwa. Ikiwa imewashwa, simu inaiona adapta lakini hairuhusiwi kuipelekea sauti.

*Inaimba kidogo kisha inakatika, hasa chaji ikiwa chini.* Ondoa hali ya kuokoa betri, chaji simu, jaribu tena. Adapta ya dijitali inakula umeme wa simu muda wote ikiwa imechomekwa, hata usipocheza wimbo, kwa hiyo uichomoe ukimaliza.

*Sauti ndogo mno.* Kama adapta ni ya Apple na simu ni Android, hilo linajulikana: adapta ni ya dijitali na inafanya kazi, lakini Android nyingi hazipandishi sauti ya ndani ya chipu yake mpaka juu. Kwenye simu hizo chagua adapta nyingine.

*Sauti ya mwimbaji imezama kama anaimba ndani ya pipa, ukibonyeza na kushikilia kitufe cha eafoni inarudi.* Eafoni imepangwa maiki na ardhi kinyume na adapta, au pini haijaingia hadi mwisho. Isukume, isiposaidia, badilisha eafoni, adapta iache.

*Maiki haisikiki kwenye simu ya WhatsApp lakini kinasa sauti kinarekodi.* Adapta ni nzima. Kata simu, chomoa, chomeka upya kabla ya kupiga, maana aplikesheni nyingine huchagua maiki pale simu inapoanza na hazibadilishi katikati.

*Hakuna chochote, pande zote, simu zote, hata kompyuta.* Pinda waya taratibu pale unapoingia kwenye kichwa huku wimbo unacheza. Ukisikia mkwaruzo, waya umekatika ndani. Ya analogi naweza kuiunga. Ya dijitali kwa kawaida siiungi, kichwa kimezibwa kwa gundi, na nikikipasua ninaua chipu.